Kutoka kwa Mtumishi wa Shamba hadi Mlinzi wa Lango: Historia ya Mamlaka ya Raia ya Kukamata nchini Kenya na kwa Majirani Zake

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya mamlaka ya mtu binafsi ya kumkamata mshukiwa, kuanzia enzi ya walowezi hadi leo ambapo mamlaka hayo yanatumiwa zaidi na walinzi wa kampuni binafsi. Hoja kuu ni kwamba mlinzi anayesimama langoni mwa duka au benki anafanya kazi kwa kifungu kilichoandikwa mwaka 1930 kwa ajili ya mwenye mali na mtumishi wake. Sare imebadilika na idadi ya walinzi imeongezeka, lakini kiini cha mamlaka hayo kimebaki kilekile. Pengo kati ya kile ambacho umma unadhani mlinzi anaweza kukifanya na kile ambacho sheria inamruhusu ndilo linalomgeuza mkamataji kuwa mshtakiwa.

Utangulizi

Katika miji ya Afrika Mashariki, mtu wa kwanza kumkabili anayeshukiwa kuiba dukani huwa ni mlinzi, si polisi. Mlinzi huyo huvaa kofia na buti, hubeba rungu na redio ya mawasiliano, na mara nyingi huitwa askari, jina ambalo watu hulitumia pia kwa polisi na mwanajeshi. Sura hiyo huwafanya wateja, waajiri na hata mlinzi mwenyewe waamini kwamba ana sehemu fulani ya mamlaka ya dola. Sheria haisemi hivyo. Katika suala la kukamata, mlinzi ni mtu binafsi, na kwa sehemu kubwa haki yake hailizidi tone la haki aliyonayo mpita njia.

Ili kuelewa kwa nini ni hivyo, ni lazima kurudi katika kipindi ambacho swali la nani anaweza kumkamata mwizi liliulizwa mashambani, kabla ya kuulizwa madukani.

Mashamba ya walowezi na hofu ya mkono wa mtu binafsi

Tangu mwaka 1897, himaya ya Uingereza katika Afrika Mashariki ilitawaliwa kwa sheria nyingi zilizoletwa kutoka India. Kanuni ya India ya mwaka 1898 kuhusu mwenendo wa mashauri ya jinai ilimruhusu mtu binafsi kumkamata anayetenda kosa zito mbele ya macho yake, kwa sharti la kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu. Ilikuwa ruhusa finyu. Hata hivyo, katika mashamba ya Bonde la Ufa polisi walikuwa wachache na mbali, na walowezi wengi walijiona kuwa wao wenyewe ndio polisi, mahakama na gereza.

Mwaka 1911, mlowezi Galbraith Cole, shemeji yake Lodi Delamere, alimpiga risasi na kumuua mtu aliyemshuku kuiba kondoo wake. Baraza la wazee wa mahakama, lililokuwa la Wazungu, lilimwachilia huru. Serikali ya kikoloni haikuridhika, na kwa kuwa haikuweza kuibatilisha hukumu hiyo, ilimfukuza nchini kwa amri ya utawala. Mwaka 1923, huko Molo, mlowezi Jasper Abraham alimchapa viboko mfanyakazi wake aliyeitwa Kitosh, kisha akafungwa kamba katika ghala usiku kucha. Kitosh alifariki. Wazee wa mahakama walimtia Abraham hatiani kwa kudhuru vibaya, si kwa kuua, naye akahukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Kesi ya Kitosh haikuwa ya ukamataji wa mwizi. Lakini inaonyesha hatua moja ambayo wanasheria wa baadaye walilazimika kuitazama kwa makini: ni mtu binafsi ndiye aliyemfunga mwenzake ghalani, na hakuna ofisa yeyote aliyearifiwa mpaka uhai ulipotoka. Kesi za namna hiyo zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoitia shaka Wizara ya Makoloni mjini London kuhusu kufaa kwa kanuni za India katika koloni la walowezi.

Kanuni za mwaka 1930

Mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zilipata Kanuni mpya za Adhabu zenye asili ya Kiingereza, pamoja na kanuni mpya za mwenendo wa mashauri ya jinai. Kifungu cha mtu binafsi kiliandikwa upya, na nchini Kenya bado kinasomeka hivyo katika kifungu cha 34 cha Sura ya 75. Kina milango miwili.

Mlango wa kwanza uko wazi kwa kila mtu. Mtu binafsi anaweza kumkamata yule ambaye, mbele ya macho yake, anatenda kosa ambalo polisi angeweza kumkamata bila hati. Au yule ambaye kwa sababu za msingi anamshuku kuwa ametenda kosa kubwa. Nchini Kenya, kosa kubwa ni lile ambalo sheria imelitaja hivyo au, kama haikulitaja kuwa dogo, lile ambalo adhabu yake ni kifo au kifungo cha miaka mitatu au zaidi. Wizi wa kawaida umetajwa waziwazi kuwa kosa kubwa, na adhabu yake ni kifungo cha miaka mitatu. Vurugu, matusi na shambulio la kawaida ni makosa madogo.

Mlango wa pili ni mwembamba zaidi. Anayekutwa akitenda kosa la kuharibu mali anaweza kukamatwa bila hati na mwenye mali hiyo, watumishi wake, au watu aliowapa idhini. Hapa ndipo mlinzi wa leo alipoingia katika sheria, miaka mingi kabla ya kampuni za ulinzi kuenea. Yeye ni mtumishi au mwenye idhini wa mwenye mali. Waandishi wa mwaka 1930 walimfikiria mnyapara na mlinzi wa ghala la kahawa; kifungu chao kimemrithi mlinzi wa jengo la ghorofa.

Tanzania ilibadili njia mwaka 1985 ilipotunga Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Huko, mamlaka ya mtu binafsi yamefungwa zaidi katika kosa linalotendwa mbele yake. Uganda imebaki karibu na maneno ya mwaka 1930 kama ilivyo Kenya, na huko wizi pia ni kosa kubwa, wenye adhabu ya hadi miaka kumi. Kwa hiyo, walinzi wawili wenye mafunzo yaleyale, mmoja upande huu wa mpaka na mwingine upande wa pili, wanaweza kufanya tendo lilelile na mmoja wao akawa ndani ya sheria na mwingine nje yake.

Swali la kosa lililokuwapo kweli

Maneno "anamshuku kwa sababu za msingi" yanaonekana kumlinda mkamataji anayekosea kwa nia njema. Historia ya sheria ya Kiingereza, ambayo ndiyo chimbuko la kanuni za mwaka 1930, inaonya kinyume.

Mwaka 1914, Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kesi ya Walters dhidi ya kampuni ya wauza vitabu ya W. H. Smith. Walters alisimamia kibanda cha vitabu katika kituo cha reli. Kampuni, baada ya kupoteza bidhaa, iliweka alama katika vitabu fulani, na kitabu chenye alama kikapatikana katika duka la Walters mwenyewe. Alikamatwa kwa wizi. Wazee wa mahakama walimwachilia, naye akaishtaki kampuni kwa kumnyima uhuru na akashinda. Jaji Mkuu Rufus Isaacs alifafanua tofauti ambayo bado ni muhimu: polisi analindwa na shaka ya msingi peke yake, lakini mtu binafsi lazima aonyeshe kwamba kosa kubwa lilelile analomshuku nalo mtu limetendwa kweli, hata kama aliyelitenda ni mwingine. Kama kosa halikutendwa na yeyote, shaka yake, hata ingekuwa na msingi kiasi gani, haimwokoi.

Baadhi ya kanuni zilizotokana na shina hilo, kama ile ya Zambia, ziliandika sharti hilo waziwazi: mtu binafsi anaweza kukamata kwa shaka, mradi kosa kubwa limetendwa. Maneno ya Kenya na Uganda hayana nyongeza hiyo. Mtetezi wa mlinzi anaweza kudai kwamba kimya hicho kinampa mlinzi kinga ya shaka. Wakili wa aliyekamatwa anaweza kujibu kwamba kanuni hizi zilitungwa juu ya msingi wa Kiingereza, na hivyo kimya kijazwe na kanuni ya Walters. Mlinzi mwenye busara hatakiwi kuuweka uhuru wake rehani kwa kusubiri mabishano hayo yaishe mahakamani.

Uingereza yenyewe imekwisha kuuacha mpaka huo wa zamani. Mgawanyo wa makosa makubwa na madogo ulifutwa mwaka 1967, na tangu mwaka 2006 raia anaruhusiwa kukamata pale tu ambapo kosa ni la uzito unaostahili, kukamata ni lazima kwa sababu zilizotajwa, na haiwezekani kwa polisi kufanya hivyo badala yake. Afrika Mashariki bado inazungumza lugha ambayo mwenye lugha ameiacha.

Wajibu wa kukabidhi

Kifungu cha 35 cha kanuni ya Kenya kinabeba uzito mkubwa kuliko kile cha kukamata. Mtu binafsi aliyemkamata mwingine bila hati anatakiwa, bila kuchelewa pasipo sababu, kumkabidhi kwa polisi, na kama polisi hayupo, kumpeleka kituo cha polisi kilicho karibu. Polisi ndiye anayeamua kama atamkamata upya au atamwachilia. Kwa maneno mengine, mamlaka ya raia ni ya daraja: yanamvusha mtu kutoka mahali pa tukio hadi mikononi mwa dola, na hayana ghala katikati.

Je, kumpeleka mshukiwa kwa meneja kwanza ni kuchelewa? Mwaka 1952, Baraza la Malodi la Uingereza lililikabili swali hilo katika kesi ya duka la John Lewis, ambapo walinzi wa duka waliwapeleka mama na bintiye katika ofisi ya wakuu ili iamuliwe kama washtakiwe. Malodi waliona kwamba kituo hicho kifupi, kwa lengo hilo, hakikuvunja sheria. Lakini uamuzi huo haumpi mwenye duka ruhusa ya kuhoji, kutisha au kupatana. Unapima muda na madhumuni, na vyote viwili vinaweza kuharibika haraka.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeongeza kipimo kingine. Aliyekamatwa anapaswa kuambiwa mara moja sababu za kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita tangu kukamatwa. Saa hizo zinahesabiwa tangu kukamatwa, si tangu kitabu cha matukio cha kituo kinapofunguliwa. Kila saa inayopotea katika chumba cha nyuma ya duka inamfupishia polisi muda wake.

Langoni mwa duka: mfano mmoja

Namna sheria inavyomgeukia mlinzi huonekana vizuri zaidi katika tukio la kawaida. Chukua mfano wa duka kubwa katika mji wa Nakuru. Saa moja jioni, karani wa malipo anamwambia mlinzi kwamba mteja fulani ametoka na kopo la maziwa ya unga ambalo halikulipiwa. Mlinzi mwenyewe hakuona chochote.

Kwa kuwa hakuona, nusu ya kwanza ya mlango wa kwanza imefungwa. Inabaki shaka ya msingi juu ya kosa kubwa. Wizi ni kosa kubwa, basi swali ni kama maneno ya karani yanatosha. Karani aliyeona mkono ukiingiza kopo chini ya koti ametoa msingi. Karani aliyesema tu kwamba mteja "anaonekana mwizi" hakutoa. Mlinzi anayeuliza swali hilo moja kabla ya kunyanyua mkono amejikinga zaidi kuliko anavyokingwa na rungu lake.

Mlinzi anamsimamisha mteja na kumweleza sababu. Mteja akitii, kwa neno au kwa tendo, kukamata kumekamilika. Hapana haja ya kumshika shati. Akikataa kwa nguvu, sheria inaruhusu njia zinazohitajika kumkamata, lakini kifungu cha 21 kinakataza nguvu inayozidi ile inayofaa katika hali ile, na kifungu cha 24 kinakataza kumfunga mtu zaidi ya inavyohitajika kumzuia asitoroke. Kopo la maziwa linaweza kuhalalisha mkono uliomshika mtu begani. Haliwezi kuhalalisha kipigo cha rungu kichwani, kwa sababu kifungu cha 18 cha Kanuni ya Adhabu kinaitaka mahakama kupima nguvu kwa kuangalia uzito wa kosa.

Hatua inayofuata ndiyo inayokosewa mara nyingi zaidi: upekuzi. Kanuni ya Kenya, katika kifungu cha 25, inasema kwamba mtu aliyekamatwa na mtu binafsi hupekuliwa na polisi aliyekabidhiwa. Mkamataji mwenyewe anaweza kumwondolea silaha, basi. Kumvua mteja koti na viatu katika ghala kunagusa moja kwa moja haki ya faragha iliyo katika Katiba, hata kama kopo litapatikana.

Sasa mteja anatoa stakabadhi kutoka mfukoni: alilipia kopo katika kaunta nyingine. Mpaka hapa huenda mlinzi bado ana utetezi. Lakini tangu dakika hiyo shaka imekufa, na mamlaka yamekufa pamoja nayo. Akiendelea kumshikilia "mpaka meneja aje," anaingia katika kosa la kumfungia mtu isivyo halali, ambalo kwa kifungu cha 263 adhabu yake hufika kifungo cha mwaka mmoja. Akimpiga kofi kwa sababu amemjibu vibaya, anaongeza shambulio. Kofi likiacha jeraha, ni shambulio la kudhuru mwili, lenye kifungo cha hadi miaka mitano. Kosa aliloshuku lilikuwa la miaka mitatu. Yeye mwenyewe sasa anakabili zaidi ya hapo.

Na kama mteja alikuwa mwizi kweli? Hatari haijaondoka. Mlinzi anayepokea fedha "ili mambo yaishe" haondoi kosa, anazaa jingine, kwa kuwa kupatana ili kulificha kosa kubwa ni kosa lenyewe. Na mlinzi anayepaza sauti ya "mwizi!" kisha akajiunga na umati unaompiga mshukiwa hadi kufa hatasaidiwa na ukweli wa wizi ule. Kanuni ya dhamira ya pamoja inamfanya kila aliyeshiriki kuwa muuaji, bila kujali ni nani aliyepiga pigo la mwisho.

Sheria ya mwaka 2016 na kile isichokibadili

Kenya ilitunga Sheria ya Kudhibiti Ulinzi Binafsi mwaka 2016, na kuunda mamlaka maalumu ya kuzisajili kampuni na walinzi. Sheria hiyo iliwapa walinzi wa majengo nyenzo ambazo mpita njia hana: kumtaka anayeingia ajitambulishe, kuandika saa ya kuingia na kutoka, na kupekua langoni. Wapo waliolisoma hilo kama kuzaliwa kwa polisi wadogo. Usomaji huo ni wa haraka. Mamlaka hayo ni ya lango, na yanalenga usalama wa jengo. Hayamfuati mtu barabarani wala hayageuzi ofisi ya mlinzi kuwa mahabusu. Aidha, yanasomwa chini ya kifungu cha 29 cha Katiba, kinachomlinda kila mtu dhidi ya ukatili, uwe umetoka kwa vyombo vya umma au kwa watu binafsi. Maneno hayo ya mwisho, ambayo yangeshangaza wazee wa mahakama wa mwaka 1911, yanamhusu mlinzi moja kwa moja. Tangu mwaka 2019 Sheria ya Ulinzi wa Data nayo inahusu majina na namba za vitambulisho vinavyoandikwa katika daftari la lango.

Uganda ilifuata njia tofauti. Huko kampuni za ulinzi zimewekwa chini ya usimamizi wa Jeshi la Polisi, na walinzi wengi hubeba bunduki. Lakini mlinzi mwenye bunduki anakamata kwa kifungu kilekile cha mtu binafsi. Bunduki imeongeza uwezo wake wa kuua bila kuongeza haki yake ya kukamata, na kwa hiyo imepanua eneo ambalo kosa la hesabu la sekunde moja linakuwa shtaka la kuua.

Hitimisho

Mamlaka ya raia ya kukamata yalibuniwa kama njia fupi ya kufika kwa polisi, na yakazungushiwa mipaka kwa sababu historia ya mashamba ilikuwa imeonyesha mahali mkono wa mtu binafsi unapofika usipozuiwa. Mlinzi wa leo amerithi njia pamoja na mipaka yake, lakini mara nyingi mwajiri humfundisha njia peke yake, na likitokea la kutokea, anayesimama kizimbani ni mlinzi wa mshahara mdogo wala si meneja aliyemwambia "usimwachie."

Kwa wanaoandaa sera, mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, mabunge ya Kenya na Uganda yaamue wazi kama shaka ya msingi pekee inamtosha mtu binafsi, au kama kosa lazima liwe limetendwa kweli. Kuliacha kimya ni kumfanya mlinzi abebe gharama ya jibu. Pili, wajibu wa kukabidhi upewe kipimo kinachoweza kukaguliwa: kila kampuni iandike saa ya kukamata, sababu iliyotolewa, na saa ambayo polisi waliitwa. Rekodi hiyo humlinda aliyekamatwa, na humlinda zaidi mlinzi aliyefuata sheria. Tatu, anayetoa amri ya kumshikilia mtu isivyo halali ashtakiwe pamoja na aliyeitekeleza. Kanuni ya Adhabu tayari inamhesabu anayemshawishi au kumsaidia mwingine kutenda kosa kuwa mtenda kosa. Kinachokosekana ni desturi ya waendesha mashtaka kutazama nyuma ya sare, hadi mlango wa ofisi.